Kete Tisa za Nyongeza: Kujijenga Kabla ya Kushambulia Katika Mchezo wa Go

Katika Go, mchezaji dhaifu anaweza kutangulizwa kwa kete tisa ubaoni kabla mwenzake hajaweka hata moja, na bado akafungwa vibaya. Anayetazama kwa mara ya kwanza haamini. Zamu tisa za bure, tena kwenye sehemu bora za ubao, zinapoteaje?

Tuanze na thamani yake, maana wengi hawaijui. Wachezaji wawili wa kiwango kimoja wanapokutana nchini Japani, anayecheza wa pili hupewa fidia ya pointi 6.5, kwa kuwa mwenzake ametangulia. Kutangulia ni faida ya nusu zamu tu, kwa sababu wa pili naye anacheza mara moja baadaye. Zamu nzima mwanzoni mwa mchezo basi ina thamani ya takriban pointi 13 au 14. Zidisha kwa kete tisa, unapita pointi mia moja kwenye ubao ambao jumla ya makutano yake ni 361. Huo ni utajiri. Anayeupoteza kwa kawaida haupotezi kwa kosa moja kubwa. Huuvuja kidogo kidogo, ama kwa woga, ama kwa kukurupuka kupigana kabla hajajiweka sawa. Makala hii inahusu zaidi hilo la pili.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo, maelezo machache yanatosha. Go ulianza China, ambako unaitwa weichi, ukaenea Korea na Japani, na jina la Kijapani ndilo lililosambaa duniani. Ubao una mistari 19 kwenda juu na 19 kwenda kando. Mmoja ana kete nyeusi, mwingine nyeupe, na kila mtu kwa zamu yake huweka kete moja kwenye makutano ya mistari. Mchezaji wa bao atalazimika kuzoea jambo moja: hapa kete haihami. Ikishawekwa inakaa palepale mpaka mwisho, isipokuwa imekamatwa.

Inakamatwaje? Kila kete ina pumzi, yaani makutano matupu yanayopakana nayo moja kwa moja juu, chini, kulia na kushoto. Kete za rangi moja zinazopakana hushirikiana pumzi na kuwa kundi moja. Adui akiziba pumzi zote, kundi zima linaondolewa. Kundi lililozingirwa huwa salama kabisa likiwa na matundu mawili tofauti ndani yake, ambayo wachezaji huyaita macho, kwa kuwa adui hawezi kuyaziba yote mawili kwa zamu moja. Mwisho wa mchezo anashinda aliyezungushia eneo kubwa zaidi. Kanuni ni hizo tu, ukiacha moja mbili za kuzuia kukamatana bila kikomo.

Kete za nyongeza hutolewa ili watu wa viwango tofauti wacheze mchezo wenye maana. Wachezaji wa ridhaa hupangwa kwa kyu, ambazo hupungua kadiri mtu anavyopanda hadi kyu ya 1, kisha kwa dan, ambazo huongezeka. Pengo la daraja moja ni karibu kete moja. Mtu wa kyu ya 10 akikutana na wa kyu ya 4, anapewa kete sita. Aliyepewa hucheza nyeusi, na kwa kuwa kete zile zinahesabiwa kama zamu zake, nyeupe ndiyo inayoanza. Nitawaita Mweusi na Mweupe, kama wachezaji wenyewe wanavyoitana.

Kete hizo haziwekwi ovyo. Ubao una nukta tisa zilizochorwa, zinazoitwa nyota: nne kwenye pembe, nne katikati ya pande, na moja katikati ya ubao. Kete tisa zinajaza nyota zote. Ili tuelewane, tutataja kila makutano kwa herufi na namba. Herufi zinatoka kushoto kwenda kulia, A hadi T, bila I kwa sababu inafanana na tarakimu 1. Namba zinatoka chini kwenda juu, 1 hadi 19. Mweusi basi ana D4, D10, D16, kisha K4, K10, K16, kisha Q4, Q10, Q16. Ukiwa na karatasi ya mirabaraba na kalamu, chora. Yanayofuata yanaonekana kwa macho haraka kuliko kwa maneno.

Nyota ya pembeni iko mstari wa nne kutoka kila ukingo, na hapo ndipo tabia yake ilipo. Kete ya D16 iko juu mno kiasi kwamba hailindi pembe yenyewe. Mweupe anaweza kuingia C17 chini yake na akaishi. Lakini inatazama nje, inatawala pande zote mbili, na inasaidiana na jirani zake wa K16 na D10. Kete tisa za nyongeza, kwa maneno mengine, hazijakuzungushia eneo. Zimekupa nguvu. Anayezichukulia kama eneo la kulinda hukimbia huku na kule akiziba kila upenyo, na mwisho anakuta Mweupe ameishi kila mahali. Zilipo ni rahisi kushambulia, mradi shambulio lenyewe lisianze kabla ya wakati.

Sasa tucheze. Mweupe anaanza na F17, kete inayoisogelea D16 kutoka upande wa juu, mstari wa tatu. Hii ni hatua ya kawaida kabisa na Mweusi ataiona maelfu ya mara. Afanye nini?

Mwoga anaweka C17 kujaza pembe. Kete hiyo ni salama, lakini haimdai Mweupe chochote. Mweupe ataweka H17, atapata nafasi ya kutosha kutulia, na ataondoka kwenda kufanya hivyo hivyo pembe nyingine. Pembe nne zikienda hivyo, K16, K4, D10 na Q10 zitakuwa zimekaa tu bila kazi, na sehemu kubwa ya zile pointi mia itakuwa imeliwa bila kelele.

Mwenye hasira naye anaiona F17 ikiwa peke yake kati ya D16 na K16, na anaipiga kutoka upande wa kulia: G17, kete kwa kete. Nia ni kuifungia isitoroke. Mweupe anajibu G16, akimkunja kwa juu, na kete ya G17 inabaki na pumzi mbili. Mweusi hawezi kurudi nyuma bila aibu, kwa hiyo anakata kwa F16. Mweupe anaweka H17, na sasa G17 ina pumzi moja tu. Mweusi anarefusha kwa G18.

Simama hapo uhesabu. Zimepita zamu sita tu na kona hiyo ina makundi matano yaliyokatikakatika, na hakuna lenye zaidi ya pumzi tatu. Matatu kati yake yana mbili. Ukimpa mchezaji hodari upande wa Mweusi hapa, pengine angeshinda pigano, maana kete za nyota ziko karibu. Shida ndiyo hiyo hasa: inabidi awe hodari. Katika mchezo wa nyongeza aliye hodari amekaa upande wa pili. Anaona zamu kumi mbele wakati wewe unaona tatu, na umemwalika kwenye pigano la kuhesabu pumzi, mahali pekee ambapo pengo la viwango vyenu linafanya kazi yote kwa niaba yake. Kete tisa hazikusaidii sana kwenye vita vya ana kwa ana vya namna hii. Zinasaidia kwenye ubao mpana.

Hatua ninayoipendekeza, na ambayo walimu wengi huifundisha kwa kete tisa, ni E17. Kete hii inagusa F17 kutoka upande wa pembe, na imekaa kimshazari na D16. Mtu atauliza: si nimetoka kusema kumgusa adui ni kosa? Kumgusa kunamfanya awe imara, kwa sababu lazima ajibu, na jibu lake linaongeza kete pale. Hilo halibadiliki hapa. Mweupe atasimama kwa F16, kwa maana akiacha, Mweusi ataweka mwenyewe hapo na F17 itabanwa chini. Amepata kete mbili zilizoshikana. Tofauti ni kile ambacho kila mmoja amekipata kwa badala.

Mweusi amepata pembe. D16 na E17 hazikatiki: Mweupe akiingia E16, Mweusi anaweka D17 na zimeungana, akiingia D17, Mweusi anaweka E16. Ule upenyo wa C17 nao umefungwa kivitendo. Mweupe kwa upande wake amepata mzigo. Kete moja ya F17 ilikuwa nyepesi: angeweza kuiacha wakati wowote, akaenda zake, na kama ingeliwa asingehuzunika sana. Kete mbili zilizosimama ni nzito. Ni aghali kuziacha na hazina makao. Ukuta wa kete mbili kwa kawaida hutaka kujinyoosha nafasi tatu kando ya ukingo ili upate mahali pa kutengeneza macho, na kutoka F nafasi tatu zinaishia K. Kwenye K16 tayari kuna kete nyeusi.

Bila K16 ile, E17 ingekuwa zawadi kwa Mweupe.

Zamu ya Mweusi tena. Kishawishi cha kupiga kinarudi kwa nguvu, kwa sababu Mweupe sasa anaonekana kama ameshanaswa. Lakini tazama upande wa kushoto wa D16. Mweupe akipata C14 au D14, kundi lako la pembe litabanwa kutoka pande mbili, na ukianza kufukuza F16 utakuwa unafukuza huku nyuma yako kunawaka moto. Kwa hiyo Mweusi anaruka nafasi moja: D14.

Hii ndiyo hatua ambayo wanaojifunza huiona ya kuchosha kuliko zote, na ndiyo ninayoipenda. Haitishii kitu. Lakini baada yake kundi la D14, D16 na E17 lina pembe, lina njia ya kutoka kuelekea D10, na halihitaji kujibiwa tena kwa muda mrefu. Chochote Mweupe atakachofanya karibu nalo, Mweusi anaweza kuangalia pembeni na kucheza kwingine. Kundi lisilohitaji ulinzi ndilo linaloweza kumpiga mwingine.

Mweupe, akiwa hana makao, anaweka H17, akijaribu kujipatia kijumba kwenye ule mwanya mwembamba. Mweusi anarudia mbinu ileile kutoka upande wa pili: J17, kimshazari na K16, akigusa H17. Mweupe anasimama kwa H16. Mweusi anaruka K14. Umeona mpangilio: mguso unaomnyima adui makao, kisha mruko unaojiimarisha. Kushoto hivyo, kulia hivyo. Mpaka sasa Mweusi hajajaribu kukamata hata kete moja, na Mweupe amekaa na kete nne zilizobanwa juu, huku pande zake zote mbili kukiwa na kuta ambazo hawezi kuzikata kirahisi.

Shambulio linaanza hapa, na linaanza kwa mbali. Mweupe anatoka kuelekea katikati kwa G14. Mweusi anaweka G12, nafasi mbili mbele yake, bila kumgusa. Kete hiyo inamzibia njia ya moja kwa moja na inashirikiana na D10 upande mmoja na K10 upande mwingine. Ingekuwa hatari kama ingewekwa zamu sita zilizopita, kwa sababu Mweupe angeikata na kuigeuzia vita. Sasa D14 na K14 zimesimama, na kete peke yake katikati ina ndugu pande zote.

Je, Mweupe atakufa? Pengine hapana. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi nzuri, kwa kudhani shambulio lisiloua ni shambulio lililoshindwa. Tuseme Mweupe anapenya kulia kwa H13. Mweusi anaziba kwa J12, kete inayofunga pengo kati ya K14 na K10. Mweupe anajikamua kwa H12, akiitenga G12, na ametoka. Sawa, atoke. Hesabu kilichobaki: J17, K16, K14, J12 na K10 ni ukuta mmoja unaotazama robo nzima ya juu kulia, ambako Q16 na Q10 zinasubiri. Mweusi hakuweka hata kete moja huko. Ukuta umejengwa na Mweupe mwenyewe alipokuwa akikimbia, maana kila hatua yake ya kukimbia ilimpa Mweusi hatua ya kumsindikiza. Kundi la Mweupe limetoka, lakini bado halina macho mawili na litaendelea kusumbuliwa. G12 imeachwa nyuma, na Mweusi asirudi kuiokoa. Imeshafanya kazi yake.

Mweupe hana budi sasa kuingia robo ile ya kulia, vinginevyo mchezo umekwisha. Tuseme anaweka R14, akiisogelea Q16. Mweusi mwenye pupa angetaka kuhesabu robo yote kuwa eneo lake na kuing'ang'ania kila sentimita. Ukuta hauliwi hivyo. Kazi ya ukuta ni kumsukumia adui juu yake. Mweusi anagusa kwa R15, Mweupe anasimama kwa Q14, Mweusi anaruka O16. Ni yaleyale ya mwanzo, yamegeuzwa tu, na Q10 inacheza sehemu iliyochezwa na K16. Mweupe huyu mpya hana makao kando ya ukingo, na akikimbilia katikati atakutana na K14, J12 na K10. Ana makundi mawili yasiyo na macho, Mweusi hana hata moja lililo hatarini. Katika hali hiyo hata mchezaji wa wastani hupata mahali ambapo hatua moja inatishia makundi yote mawili, na kimoja kinaliwa.

Kwa hiyo swali la lini kushambulia lina jibu linalopimika. Kabla ya kuweka kete ya kushambulia, tazama makundi yako yaliyo karibu na uulize: Mweupe akipata zamu mbili mfululizo hapa, kuna kundi langu litakalokufa au kukatika? Kama lipo, zamu hii ni ya kuliimarisha hilo, na ikiwezekana kwa hatua ambayo wakati huohuo inamnyima adui makao, kama E17 na J17 zilivyofanya. Kama halipo, piga, tena piga kutoka upande ule ambao ungependa adui akimbie kuuacha. Ushauri huu ni wa kale. Kuna kanuni kumi za Go zinazonasibishwa na Wang Jixin, mchezaji wa enzi ya Tang nchini China, na mojawapo inamtaka anayeshambulia ajitazame mwenyewe kwanza. Nyingine inamwambia ajihifadhi pale adui alipo na nguvu. Ni ajabu kwamba baada ya karne zote hizo bado tunawaona watu wakianza mbio kwanza na kutazama nyuma wakiwa tayari wamekatwa.

Lakini ushauri huohuo una sumu yake. Mtu akishafungwa mara kadhaa kwa kushambulia mapema, huhamia upande wa pili na kuanza kuimarisha kila kitu. Anaweka D14, kisha C17, kisha E16 ili awe na uhakika zaidi. Kete ya kwanza ilikuwa na kazi. Ya pili haina kazi kubwa. Ya tatu ni sawa na kupitisha zamu, na zamu, tumeshasema, ni pointi 13 au 14 mapema kwenye mchezo. Ukizipitisha tisa, umemrudishia Mweupe nyongeza yote kwa mkono wako na sasa mnacheza sawa kwa sawa na mtu anayekuzidi. Dalili yake ni rahisi kuiona: Mweupe anaacha kujibu. Ukiweka kete na yeye anaenda kucheza kona nyingine bila hata kutafakari, yaelekea kete yako haikuhitajika. Kinyume chake, baada ya E17 Mweupe hakuwa na hiari. Baada ya J17 pia. Hatua nzuri ya kujijenga humlazimisha adui au hubadilisha wazi kile unachoweza kufanya zamu inayofuata. D14 iko kundi hilo la pili, kwa kuwa ndiyo iliyoiruhusu G12.

Kuna jambo la heshima pia. Baadhi ya wachezaji huona haya kucheza kwa utulivu wakiwa na nyongeza, kana kwamba wanalindwa na huruma ya mwenzao na inawabidi waonyeshe ujasiri. Historia ya mchezo huu haiwaungi mkono. Katika Japani ya enzi ya Edo, wachezaji wa kulipwa wenyewe walicheza kwa nyongeza mbele ya wakubwa wa utawala. Mwaka 1683 Dosaku, mkuu wa nne wa nyumba ya Honinbo na mchezaji aliyewazidi wote wa zama zake, alimpa Yasui Shunchi kete mbili. Shunchi alishinda kwa pointi moja. Mchezo huo unakumbukwa hadi leo, na inasimuliwa kwamba Dosaku mwenyewe aliuhesabu kuwa kazi yake bora ingawa alishindwa, kwa sababu aliyepewa kete mbili hakumpa mwanya. Kete mbili kati ya mabingwa ni faida kubwa. Shunchi aliibeba kutoka zamu ya kwanza hadi ya mwisho, na karibu yote iliishia njiani, ikabaki pointi moja. Pointi moja inatosha.

Vilabu vingi vina desturi ya kupunguza kete moja mtu akishinda mara tatu mfululizo, na hapo ndipo mbinu niliyoieleza inabidi ieleweke badala ya kukaririwa. Ukishuka hadi kete sita, unabaki na pembe nne pamoja na D10 na Q10. K16 na K4 hazipo tena. Mweupe akija na F17 kama zamani, na wewe ukamgusa kwa E17 kwa mazoea, atasimama F16 na baadaye kujinyoosha hadi K17, nafasi tatu kamili, akatulia raha mustarehe. Umemjengea nyumba. Kwa kete sita, jibu la F17 ni D14 kwanza, halafu usubiri. Akitulia upande wa juu, basi hakuna cha kushambulia pale na unaenda kwingine ukiwa na pembe yenye afya. Akiondoka bila kutulia, ndipo unamgusa kwa E17, anasimama F16, na unaiweka wewe kete ya K17 aliyoihitaji.

Akija kutoka upande mwingine, kwa C14, mambo yanarudi kama mwanzo. D10 ipo. Unamgusa kwa C15, anasimama D14, unaruka F16, na ukuta wake wa kete mbili unaotaka nafasi tatu kwenda chini unagonga kete yako ya D10.